Fomula Iliniambia Nilipishe Bob 15, Nikalipa 36,000

Wale wamekuwa hapa tangu 2024 wanakumbuka nilipotea kama miezi mitatu bila video hata moja. Wengine mliniandikia DM mkiuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa, shukran. Kamera ndiyo haikuwepo. Niliiuza mwanzoni mwa Machi, 28,000, kwa jamaa wa kupiga picha za harusi huku Nyeri, halafu nikapanda Kimathi Way na baridi yetu ile nikiwa nimebeba mkoba mtupu. Leo nitawaambia ilienda wapi, kwa sababu hadithi yenyewe inahusu fomula moja ambayo watu wake walipewa Nobeli, na watu wengi wanaifundisha bila kusema inavunjikia wapi.

Mambo ilianza Karatina. Binamu yangu hufanya kazi ya kuandika sauti za mikutano ya watu wa ng'ambo, anasikiliza anachapa, analipwa kwa dola. Januari 2024 alikuwa amemaliza kazi kubwa na alikuwa anangojea dola 3,000 ziingie mwisho wa Februari. Hapo hapo alikuwa ameongea na mzee fulani kuhusu kaploti karibu na Kiganjo. Mzee alitaka shilingi 470,000 tarehe 1 Machi, na hakutaka stori.

Dola wakati huo ilikuwa karibu 160. Piga hesabu: 3,000 mara 160 ni 480,000. Ploti imelipika na kuku wa kusherehekea amepatikana. Lakini binamu yangu ni mtu wa wasiwasi. Alinipigia akasema, "Buda, wewe ndiye unasoma hizi hesabu za bima. Dola ikianguka kabla nilipwe, je?"

Nilicheka. Nani alikuwa anaongea juu ya dola kuanguka Januari 2024? Mwaka 2023 ulianza dola ikiwa 123 na ushee, ukaisha ikiwa 156 na ushee. Mathe alikuwa analalamika bei ya mafuta ya kupika, watu wa kahawa walikuwa wanatabasamu kwa sababu kahawa ya mnada wa Nairobi huuzwa kwa dola, na kila mtu kwa matatu alikuwa mtabiri: itafika 170, itafika 200. Kushuka hakukuwa kwa menyu.

Kwa hivyo nikamwambia, sikiza. Nitakupa karatasi. Tarehe 29 Februari, kama unataka, utaniuzia dola zako 3,000 kwa 157 kila moja. Ikiwa sokoni iko juu ya 157, uza huko, usinihesabu. Ikiwa chini, mimi ndiye nitakufidia tofauti. 157 mara 3,000 ni 471,000, ploti iko salama. Wewe unanilipa ada kidogo leo.

Hiyo karatasi ndiyo wenye soko huita opsheni. Ni haki ya kuuza kwa bei mliyokubaliana, bila lazima ya kuuza. Yeye alinunua haki. Mimi niliuza haki na nikabaki na lazima. Hiyo sentensi ya mwisho niliielewa vizuri zaidi baadaye.

Swali lilikuwa ada iwe ngapi. Na hapa ndipo niliingia na kifua mbele, kwa sababu muhula huo tulikuwa tumetoka kusomeshwa fomula ya Black na Scholes. Ilichapishwa 1973, na Robert Merton akaisimamisha vizuri mwaka huo huo. 1997 Scholes na Merton wakapewa Nobeli. Black alikuwa amefariki 1995. Ya pesa za kigeni kuna toleo lake la 1983, la Garman na Kohlhagen, ambalo linaongeza tu riba ya ile pesa nyingine.

Uzuri wa fomula hii ni kwamba inaomba vitu vichache sana. Bei ya leo: 160. Bei ya makubaliano: 157. Muda: siku 31. Riba ya shilingi: nilitumia asilimia 16, kwa sababu hati za serikali za siku 91 zilikuwa hapo karibu. Riba ya dola: asilimia 5 na ushee. Hivyo vyote unaviona kwa macho. Kinabaki kimoja tu ambacho hukioni, nacho ni bei inayumba kiasi gani. Huitwa sigma. Kila kitu kingine kwa hii post kiko ndani ya hiyo sigma.

Sigma nilipata aje? Nilichukua viwango vya siku 60 vya Benki Kuu, nikahesabu mabadiliko ya kila siku kwa asilimia, halafu kwa Excel:

```
=STDEV(C2:C61)*SQRT(252)
```

Hiyo 252 ni siku za soko kwa mwaka. Ikanipa kitu kama asilimia 2 kwa mwaka. Nikaona hiyo ni ndogo, nikaizidisha mara mbili iwe 4. Nilijiona mtu mwenye hekima ya wazee.

Sasa angalia vile fomula inawaza, bila herufi za Kigiriki. Inasema kwanza, kwa vile shilingi inalipa riba kubwa kuliko dola, hesabu ya haki ya mwezi mmoja mbele si 160, ni kama 161.50, la sivyo mtu angepata pesa ya bure kwa kukopa huku na kuweka kule. Halafu inasema, sigma ya asilimia 4 kwa mwaka ukiikata iwe ya siku 31 inakuwa karibu asilimia 1.2, yaani kama shilingi 1.90. Hiyo 1.90 iite hatua moja ya kawaida. Kutoka 161.50 hadi 157 ni shilingi 4.50, yaani hatua 2.4. Kwa ule mchoro wa kengele tuliochora sote, kitu kikienda hatua 2.4 upande mmoja hutokea chini ya mara moja kwa mia. Na hata kikitokea, kinapita mstari kidogo tu.

Kwa hivyo bei ya haki, kwa kila dola, ilikuwa nusu senti. Kwa dola 3,000 zote: shilingi 15.

Bob kumi na tano. Hiyo si hata fea ya matatu kutoka hapa hadi popote. Nilimwambia binamu yangu anilipe 1,500, senti hamsini kwa kila dola, mara mia ya bei ya fomula, na usiku huo nilihisi vibaya kidogo kama mtu ambaye amemwibia mtu wa familia. Tuliandika Jumatatu, tarehe 29 Januari. Akatuma M-Pesa. Nikanunua nyama choma.

Halafu Februari ikaja.

Shida ya Kenya mwaka huo ilikuwa deni. Kulikuwa na Yurobondi ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, na kila mtu mwenye pesa alikuwa anajiuliza serikali itatoa wapi. Woga huo ndio ulifanya watu washikilie dola, na ndio uliifanya ipande kila siku. Tarehe 7 Februari serikali ikatangaza inataka kuinunua sehemu ya deni hilo mapema. Wiki iliyofuata ikakopa dola bilioni 1.5 mpya ng'ambo, kwa riba ya juu kweli, zaidi ya asilimia 10 ukihesabu vizuri. Ghali, lakini woga ukakatika hapo hapo. Wiki hiyo hiyo, siku ya wapendanao kama nakumbuka vizuri jinsi nilivyokuwa nimekaa peke yangu nikiangalia simu, Benki Kuu ikauza bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu yenye riba ya asilimia 18.46 bila kodi. Walitaka bilioni 70. Watu wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 280, na serikali ikachukua karibu 241. Kati ya walionunua kulikuwa na wageni, na mgeni akitaka bondi ya shilingi lazima kwanza auze dola.

Waliokuwa wamefungia dola wakaona zinashuka, wakakimbia kuziuza, zikashuka zaidi. Siku ambazo dola ilikuwa imezoea kusonga senti 15 au 20, sasa ilikuwa inaacha shilingi mbili, tatu. Ilipofika mwisho wa Februari ilikuwa karibu 145. Kwa karatasi yetu tulikubaliana iwe 145 kamili, kwa sababu binamu yangu ana roho nzuri na mimi sikuwa na nguvu za kubishana.

157 toa 145 ni 12. Mara 3,000 ni shilingi 36,000. Kamera 28,000, akiba yangu 6,500, na ile 1,500 aliyonilipa ikarudi kwake. Mzee wa Kiganjo alipata pesa yake. Ploti iko, kuna mahindi.

Sasa, ni rahisi kusema "ulikuwa na bahati mbaya." Hapo ndipo nataka tubishane. Rudi kwa zile hatua za shilingi 1.90. Kutoka 161.50 hadi 145 ni karibu hatua 9. Kwa ule mchoro wa kengele, kitu cha hatua 9 hakitokei. Sio kwamba ni nadra. Ungecheza mchezo huu kila mwezi tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13 na ushee, bado usingetarajia kukiona hata mara moja. Mtu akikuambia ameona kitu kama hicho kwa mwezi wa kwanza wa biashara yake, usimpe pole ya bahati mbaya. Mwambie alitumia mchoro ambao si wa kitu alichokuwa anapima.

Kosa la kwanza liko kwa sigma yenyewe, na ni kosa tamu kwa vile linajificha mchana. Sigma haipimi bei imeenda mbali kiasi gani. Inapima mabadiliko ya kila siku yanatawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani wao. Mwaka 2023 dola ilipanda zaidi ya asilimia 26, lakini ilipanda kama mtu anayepanda ngazi: leo kidogo, kesho kidogo, kesho kutwa kidogo vile vile. Wastani wa hatua ulikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa siku, na kila siku ilikaribia huo wastani. Kutawanyika hakuna. Excel ikaangalia safari ndefu hivyo ikasema: hapa pametulia kabisa, asilimia 2.

Na bei ya soko huru haipandi ngazi. Ukiangalia kahawa kule New York au hisa yoyote inayouzwa sana, inapanda ikishuka, inakuwa kama barabara ya kwenda shamba. Bei inayopanda ngazi kila siku kwa kipimo inakuambia kuna presha fulani inayoachiliwa polepole. Mwaka huo kulikuwa na wakati ambapo kiwango cha Benki Kuu kilisema kimoja na benki za kawaida zinauzia wenye maduka dola kwa bei ya juu zaidi. Hiyo ilikuwa dalili, na mtu yeyote mwenye duka la vipuri hapa mjini alikuwa anaijua. Mimi mwenye fomula ndiye sikuiweka mahali popote, kwa sababu fomula haina nafasi ya kuiandika.

Uswisi waliona hii kwa ukubwa. Tangu Septemba 2011 benki yao kuu ilikuwa imezuia faranga isipite faranga 1.20 kwa yuro moja. Miaka zaidi ya mitatu bei ikakaa karibu na ule mstari, tulivu. Ungepima sigma hapo ungepata kitu kidogo sana. Tarehe 15 Januari 2015 wakaondoa kizuizi ghafla, na faranga ikaruka karibu asilimia 30 ndani ya dakika chache kabla ya kurudi kidogo. Sigma ya miaka mitatu ilikuwa imepima kifuniko cha sufuria, sio supu.

Lakini ngoja. Hata ningejua sigma sawasawa, bado ningechomeka, na hii sehemu ndiyo sikuielewa darasani mpaka nikauza kamera.

Mimi nilidhani ile shilingi 15 ni utabiri, yaani wastani wa kile nitapoteza. Sivyo. Black, Scholes na Merton hawakuwa wanatabiri chochote. Walisema kitu kijanja zaidi: ukiuza opsheni, usikae ukiomba Mungu. Kila wakati bei ikisonga, nunua au uza kiasi fulani cha ile mali yenyewe, ili faida ya huku izibe hasara ya kule. Ukifanya hivyo bila kusimama hadi siku ya mwisho, hutakuwa na hatari yoyote, na gharama ya kujikinga huko ndiyo bei ya opsheni. Bei ya fomula ni gharama ya kazi. Mimi nilichukua malipo ya fundi bila kufanya ufundi.

Kwa upande wangu kazi ingekuwa hivi. Nimeahidi kununua dola zikianguka, kwa hivyo ili kujikinga nahitaji kuwa mtu anayefaidika dola ikianguka. Maana yake nikope dola, niziuze leo, nizinunue baadaye kwa bei ya chini na kurudisha. Fomula hata inaniambia ngapi. Siku ya kwanza, dola 24 tu. Dola ikikaribia 157, naongeza. Ikiwa chini kabisa, niwe nimeuza zote 3,000.

Sasa niambie, mwanafunzi wa Nyeri anakopa dola wapi? Nani atanipa dola 24 za kuuza, na nne zaidi kesho asubuhi, na thelathini Alhamisi? Fomula inadhani kuna mtu kama huyo, anakukopesha kwa riba ile ile ya kuweka, bila kukuuliza kitambulisho. Inadhani pia kununua na kuuza ni bei moja. Nenda kwa duka la kubadilisha pesa uone: wananunua kwako kwa bei hii, wanakuuzia kwa bei ile, na siku za wasiwasi tofauti inaweza kuwa shilingi 4. Dola 24 kwenda na kurudi mara moja, kwa tofauti ya shilingi 4, ni shilingi 96. Kumbuka opsheni yenyewe ilitakiwa kuwa 15. Kujikinga mara ya kwanza tu kumekula bei yote mara sita, na bado kuna siku 30.

Sawa, tuseme mimi ni benki kubwa. Nina dola, nina watu wa kunikopesha, tofauti yangu ni ndogo. Hapo ndipo dhana ngumu zaidi inakuja: kwamba bei hutembea bila kuruka. Kutoka 157 hadi 152 lazima ipitie 156.90, 156.80, na kila senti, na wewe upate nafasi ya kuuza kidogo kwa kila kituo.

Chukua mfano. Zimebaki wiki mbili, dola iko 157. Kwa sigma yangu ya asilimia 4, fomula inasema niwe nimeuza dola 900 hivi. Unalala. Tuseme wikendi kuna tangazo, na Jumatatu soko linafungua 152. Karatasi ya binamu ilikuwa na thamani ya senti 24 kwa dola. Sasa ni kama 4.38. Mimi nimepoteza 4.14 mara 3,000, shilingi 12,400 hivi. Zile 900 nilizouza zimenipa 5 kila moja, 4,500. Nimeamka na shimo la 7,900, na nilifanya kila kitu fomula ilisema. Nilijikinga kwa bei ambazo hazikuwahi kuwepo, kwa sababu kati ya Ijumaa na Jumatatu hakukuwa na bei yoyote.

Merton mwenyewe aliliona hili mapema. 1976 aliandika toleo lenye miruko ndani yake, na jibu halikuwa tamu: mruko ukiwepo, kujikinga kikamilifu kwa kununua na kuuza hakuwezekani tena. Inabaki hatari ambayo lazima mtu ailipie. Black naye 1988 aliandika makala nzima kuhusu matundu ya fomula yake. Kwa hivyo mkisikia mtu mtandaoni akisema "wale maprofesa hawakujua soko," si kweli. Walijua. Ingawa kujua hakukuwazuia Scholes na Merton kuwa washirika katika mfuko wa LTCM, ambao 1998, baada ya Urusi kushindwa kulipa deni lake, uliokolewa na benki zilizochanga dola bilioni 3.6. Hiyo ni post ya siku nyingine.

Kwa hivyo wenye soko hufanya nini? Hawaitupi fomula. Wanaigeuza. Badala ya kuingiza sigma ili wapate bei, wanaangalia bei ambayo watu wanakubali kulipa, halafu wanauliza: hii bei ingehitaji sigma gani? Nilifanya hivyo kwa zile senti 50 nilizomlipisha binamu yangu. Ili fomula itoe senti 50, lazima uiwekee sigma ya karibu asilimia 11. Yaani tumbo langu, likiwa na tamaa ya nyama choma, lilikuwa limekadiria hatari karibu mara tatu ya Excel yangu. Bado lilikosea, lakini lilikuwa karibu na ukweli kuliko hesabu.

Na masoko makubwa yana tabia hiyo hiyo. Kabla ya Oktoba 1987, opsheni za hisa za Amerika zilikuwa zinauzwa kama sigma ni moja kwa bei zote za makubaliano. Tarehe 19 mwezi huo hisa za Dow zikaanguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Tangu hapo, opsheni za kukulinda na anguko kubwa, zile za mbali kama ya 157 wakati bei ni 160, huuzwa kwa sigma ya juu kuliko za karibu. Ukizichora unapata mstari uliopinda, wanauita tabasamu. Kwa fomula, tabasamu ni kosa, kwa sababu mali moja haiwezi kuwa na sigma kumi siku moja. Kwa muuzaji, ni malipo ya wikendi kama ile ya 152.

Kitu kimoja ningefanya tofauti, na si hesabu ngumu. Ningechora viwango vya mwaka mzima kwa karatasi na kuviangalia kwa macho kabla ya kugusa `STDEV`. Mstari ulikuwa umenyooka kama rula, ukipanda. Halafu ningejiuliza: je, kuna tarehe ndani ya hizi siku 31 ambayo inaweza kubadilisha kila kitu kwa tangazo moja? Deni la Juni lilikuwa kwa magazeti kila wiki. Hilo lilikuwa hatari la pande mbili, ama serikali ishindwe dola iruke juu, ama ipate pesa dola ianguke. Katikati ndipo hapakuwa na nafasi, na katikati ndipo mchoro wa kengele uliweka uzito wake wote.

Mwisho wa Machi 2024 dola ilikuwa karibu 132. Kama karatasi yetu ingekuwa ya miezi miwili, ningekuwa nadaiwa 75,000, na sijui ningeuza nini. Baadaye mwaka huo ikafika 129 na ikakaa. Imekaa, na kukaa. Wiki baada ya wiki, 129 na senti kadhaa, mpaka watu wakaacha kuiongelea kwa matatu.

Mwaka 2025 binamu yangu akanipigia tena. Sasa anajenga, ana dola nyingine zinakuja, anataka karatasi ya 127 kwa mwezi mmoja. Nikafungua ile Excel ya zamani, nikaweka viwango vya siku 60. Sigma ikatoka chini ya asilimia 1. Fomula ikasema bei ni sufuri na vumbi.

Nikamwambia shilingi moja kwa kila dola, na nisiwe na zaidi ya dola 1,000.

"Bob elfu moja? Kwa kitu hakijasonga mwaka mzima? Huo ni wizi, buda."

Nikamwambia aulize benki. Akauliza. Wakamwambia kwa kiasi hicho hawafanyi. Akarudi, tukaandika, na safari hii 500 kati ya hiyo pesa sikuigusa mpaka siku ya mwisho.

Dola ilimaliza mwezi ikiwa 129.